Picha, ungamo na rekodi ya kifungo: jinsi habari ya kweli inavyoweza kuharibu kesi

*"Wakili, shikamoo. Ninahariri ukurasa wa habari wenye wafuasi wengi. Kuna mtu kakamatwa kwa tuhuma za kuua katika tukio la uporaji. Tunayo picha yake, tunajua aliwahi kufungwa kwa unyang'anyi, na ofisa wa polisi ametudokeza kwamba amekiri kila kitu. Sasa wakili wake ametuandikia barua kwamba tukitoa habari hiyo tutakuwa tumedharau mahakama. Lakini yote ni ya kweli na ushahidi tunao. Kusema kweli kuna kosa gani?"*

Marahaba. Habari ya kukamatwa kwake itoe, hata leo. Picha usiitoe, ungamo usilitaje, na ile rekodi ya kifungo ifungie mpaka hukumu isomwe. Nitaeleza kila kimoja kwa nini, kwa sababu sababu zake hazifanani, na ukizielewa utaweza kuamua mwenyewe siku nyingine bila kumsubiri wakili.

Kwanza tuliweke sawa suala la ukweli, maana ndilo linalowapoteza wahariri wengi. Katika shauri la kashfa ukweli ni ngao: mtu akikushitaki kwamba umemchafulia jina, ukathibitisha uliyoandika ni kweli, kwa kawaida umepona. Katika kudharau mahakama mambo hayaendi hivyo. Mahakama haikuulizi kama uliyoandika ni kweli. Inakuuliza yatafanya nini kwa watu watakaotoa ushahidi na kwa watu watakaoupima. Na ukitazama vizuri, jambo la kweli mara nyingi ndilo hatari zaidi, kwa kuwa uvumi mtu anaweza kuupuuza, lakini rekodi ya kifungo yenye namba ya kesi itamkaa kichwani.

Tuanze na picha. Mchukue shahidi mmoja, mwanamke aliyekuwa akipita wakati uporaji unatokea. Amemwona muuaji kwa sekunde chache, usiku, kwa mwanga wa taa moja ya barabarani. Polisi wameandika maelezo yake: mrefu, mwembamba, ana ndevu kidogo. Hayo tu. Hatua inayofuata ni gwaride la utambuzi. Mtuhumiwa anapangwa mstari mmoja na watu wengine wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano, katika nchi kadhaa wasiopungua wanane. Anachagua mwenyewe pa kusimama. Shahidi anakuwa amekaa mahali ambapo hawezi kumwona akiingizwa, kisha anaitwa apite mbele ya mstari na amguse aliyemwona usiku ule, kama yumo. Thamani yote ya zoezi hilo inategemea jambo moja tu: kwamba sura pekee aliyonayo shahidi kichwani ni ile ya usiku wa tukio.

Sasa wewe umeitoa picha saa mbili asubuhi, ikasambaa, na mchana dada yake akamtumia kwenye simu: "Si ndiye huyu?" Akaitazama, akaivuta karibu, akaitazama tena. Kesho yake kwenye gwaride anamgusa mtuhumiwa bila kusita. Hadanganyi hata kidogo. Kumbukumbu ya ile sura ya giza imejazwa na sura ya kwenye simu, na yeye mwenyewe hana namna ya kuzitenganisha. Miezi kadhaa baadaye, mahakamani, wakili wa utetezi anasimama na kuuliza maswali manne mafupi.

"Kabla ya gwaride, uliona picha ya mshtakiwa?"

"Niliiona."

"Wapi?"

"Kwenye simu."

"Chini yake paliandikwa nini?"

"Kwamba ndiye muuaji."

"Kwa hiyo ulipofika kwenye gwaride ulikuwa unamtafuta uliyemwona usiku, au uliyemwona kwenye simu?"

Kwa swali hilo la mwisho hakuna jibu zuri. Upande wa mashtaka umepoteza shahidi ambaye huenda alikuwa wa pekee. Kama mtu yule ndiye aliyeua, umemsaidia kutoka. Kama siye, umemtengenezea shahidi mwaminifu wa kumfunga. Waandishi wengi hudhani sheria hii inamlinda mshtakiwa peke yake, na wanaichukia kwa sababu hiyo. Waendesha mashtaka nao wana sababu ya kuipenda.

Jambo hili si geni. Mwaka 1927 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba gazeti la Daily Mirror lilidharau mahakama kwa kuchapisha picha ya mtu aliyekuwa anasubiri gwaride la utambuzi. Hoja iliyosimama ilikuwa hii: kama kuna uwezekano kwamba utambuzi utabishaniwa, picha haitoki. Kumbuka neno "uwezekano". Huwezi kujitetea kwamba hukujua gwaride limepangwa lini, kwani katika siku za mwanzo mara nyingi hata polisi wenyewe hawajaamua kama watalihitaji.

Mipaka ipo. Kama mtuhumiwa na mashahidi wote wanafahamiana, tuseme ni majirani wa miaka mingi, utambuzi huenda usiwe na ubishi na hatari ya picha hupungua sana. Na polisi wakitoa picha ya mtu aliyetoroka wakiomba wananchi wasaidie kumpata, kuichapisha ndilo kusudi lake. Ila akishakamatwa, sababu ya kuiweka pale juu imekwisha, iondoe. Kuhusu kuziba uso kwa ukungu, sina imani nako. Nimeona picha za namna hiyo ambazo shati, kovu la mkononi na mwendo vilitosha kabisa.

Sasa ungamo, ambalo kwangu ndilo zito kuliko vyote.

Mtu akikiri mbele ya polisi, ungamo lile haliingii mahakamani moja kwa moja. Katika nchi kadhaa ungamo lililotolewa kwa polisi wa kawaida halipokelewi kabisa; linapokelewa lililoandikwa mbele ya hakimu au ofisa wa cheo fulani. Kwingine linapokelewa, lakini mshtakiwa akidai alipigwa, alitishwa au alihongwa ahadi, mahakama husimamisha kesi kubwa na kuendesha kesi ndani ya kesi. Mashahidi wanaitwa juu ya jambo moja tu: je, alikiri kwa hiari? Palipo na juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wajumbe wake hutolewa nje wasisikie neno. Ungamo likikataliwa, wanarudi ukumbini na kwao ni kama halijawahi kuwapo.

Ukilichapisha, umelipitisha mlango wa nyuma. Hakuna jaji atakayeweza kulitoa tena kwenye vichwa vya watu. Kesi ya Wilbert Rideau inaonyesha hilo vizuri kuliko nyingine ninayoijua, nayo inajibu swali lako la ukweli moja kwa moja.

Ilikuwa Februari 1961, katika mji wa Lake Charles, jimbo la Louisiana, Marekani. Rideau, kijana wa miaka 19, alipora benki, akachukua wafanyakazi watatu mateka, na mmoja akauawa. Alikamatwa saa chache baadaye. Kesho yake asubuhi, akiwa mahabusu na hana wakili, alikalishwa mbele ya kamera pamoja na mkuu wa polisi wa eneo lile. Mkuu anauliza, yeye anajibu, kwa takriban dakika 20, na katika majibu yake alikiri uporaji, utekaji na mauaji. Kituo cha televisheni cha pale kikaonyesha filamu hiyo siku tatu mfululizo. Eneo zima lilikuwa na watu wapatao 150,000, na siku ya pili peke yake filamu ilikadiriwa kutazamwa na watu 53,000.

Mawakili wake waliomba kesi ihamishiwe mahali pengine ambako watu hawajaiona. Wakakataliwa. Katika juri iliyomhukumu kifo, wajumbe watatu walisema wazi kwamba waliitazama filamu ile, na wawili wengine walikuwa maofisa wa chini wa mkuu yule yule wa polisi. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo. Kilichovutia wanasheria ni kwamba majaji hawakuhangaika kupekua maelezo ya kila mjumbe ili waone kama kweli aliathirika. Walisema, kwa maana yake, kwamba kesi halisi ilishaendeshwa kwenye televisheni, na kilichofuata mahakamani kilikuwa taratibu tupu.

Hapo ndipo penye jibu lako. Rideau aliua kweli, wala hakuwahi kulikana hilo. Ungamo lilikuwa la kweli, filamu haikuchezewa, mtangazaji hakutia chumvi. Hukumu ikaanguka hata hivyo, kesi ikarudiwa. Ilirudiwa tena na tena kwa kasoro nyingine za namna juri zilivyoteuliwa, hadi mwaka 2005 juri ya mwisho ilipomtia hatiani kwa kosa dogo zaidi la kuua bila kukusudia. Kwa kuwa adhabu yake alikuwa ameshaimaliza mara mbili na zaidi, alitoka siku ile, baada ya miaka 44 gerezani. Sisemi televisheni ndiyo iliyosababisha yote hayo. Nasema kesi iliyoonekana rahisi kuliko zote ilivunjika kwenye hatua ya kwanza kabisa kwa sababu watu waliona haraka ya kuonyesha ukweli.

Na angalia nani alikuwa ndani ya fremu: mkuu wa polisi mwenyewe. Ofisa aliyekudokeza wewe naye ana sababu yake. Pengine anataka sifa ya kumaliza kazi upesi, pengine anajua ungamo lile limepatikana kwa njia ambayo haitapita mahakamani na anataka lisikike kwa njia nyingine. Polisi anapotangaza kwa hamu kubwa kwamba mtu "amekiri mwenyewe", mimi hujiuliza kama wana ushahidi mwingine wowote.

Rekodi ya kifungo ina mantiki ya aina yake. Kanuni ni kwamba mtu anahukumiwa kwa tendo alilosomewa kwenye hati ya mashtaka. Alichofanya miaka sita iliyopita kwa kawaida hakisemwi mpaka atiwe hatiani, kisha ndipo mwendesha mashtaka anapoombwa kueleza kumbukumbu zake ili mahakama ipime adhabu. Kuna hali chache ambapo rekodi huruhusiwa mapema, mfano mshtakiwa akijinadi kuwa na tabia njema, lakini uamuzi huo ni wa jaji baada ya kusikiliza pande zote. Si wa mhariri.

Mahakama hulichukulia jambo hili kwa uzito kiasi gani? Mwaka 2011 huko Luton, Uingereza, mjumbe wa juri katika kesi ya kujeruhi, ambaye alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, aliingia mtandaoni akatafuta jina la mshtakiwa. Akakuta habari kwamba aliwahi kushitakiwa kwa ubakaji, akawaambia wenzake. Kesi ikavunjwa siku ile, ikabidi isikilizwe upya kuanzia mwanzo. Januari 2012 mhadhiri yule alifungwa miezi 6 kwa kudharau mahakama. Habari aliyoikuta ilikuwa kwenye mtandao tu, mahali ambapo mhariri fulani aliiweka zamani na kusahau. Kwa hiyo usifikirie habari mpya peke yake. Zile habari za kifungo cha mtu huyu ambazo mlizichapisha miaka iliyopita, msiziunganishe na habari ya leo kwa kiungo cha "soma pia". Watu hufanya hivyo bila kufikiri, na mara nyingine ni mfumo wa tovuti unaofanya wenyewe.

Hapa najua utanipinga: kwetu hakuna juri, anayeamua ni jaji au hakimu, naye amesomea kuweka pembeni asiyotakiwa kuyazingatia. Hoja hiyo ina nguvu, na mahakama nyingi zinaikubali. Jaji wa taaluma hachukuliwi kuwa mtu wa kuyumbishwa na kichwa cha habari. Ndiyo maana nimeanza na shahidi wa gwaride. Yeye hana mafunzo hayo. Wala shahidi wa upande wa utetezi hana, na huyu ndiye wanaomsahau wote.

Desemba 2010, mjini Bristol, Uingereza, mwanamke kijana alitoweka, na mwili wake ukapatikana siku ya Krismasi. Tarehe 30 polisi walimkamata mwenye nyumba aliyompangisha, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Magazeti yakamrukia. Yaliandika kuhusu nywele zake, namna anavyozungumza, upweke wake. Wanafunzi wake wa zamani walitafutwa waseme jinsi alivyokuwa wa ajabu. Mtu akisoma kurasa zile alifika mwisho akiwa na hakika muuaji amepatikana. Hakuwahi hata kushitakiwa. Aliachiwa kwa dhamana baada ya siku mbili, baadaye akaondolewa kabisa kwenye upelelezi, na Oktoba 2011 mpangaji wa jirani alitiwa hatiani kwa mauaji yale.

Miezi mitatu kabla ya hukumu hiyo, Julai 2011, gazeti la Daily Mirror lilikuwa limetozwa faini ya pauni 50,000 na The Sun pauni 18,000 kwa kudharau mahakama. Wengine hushangaa: kesi ipi iliyoathiriwa, wakati mtu hakufikishwa mahakamani? Majaji walieleza hatari ambayo hatuioni kwa urahisi. Mtu akishachafuliwa kiasi kile, wanaoweza kumtetea hunyamaza. Fikiria jirani aliyemwona ndani kwake saa ile ya tukio, au rafiki aliyepigiana naye simu. Anasoma magazeti, anajiuliza kama anataka jina lake litajwe pamoja na la mtu wa namna hiyo, anaamua kukaa kimya. Shahidi aliyeona picha utamjua kwenye maswali ya utetezi. Shahidi ambaye hakujitokeza hakuna atakayemjua kamwe. Jaji hodari kuliko wote hawezi kupima ushahidi ambao haukuletwa mbele yake.

Kesi hiyo ya Bristol inajibu pia swali ambalo hukuuliza: masharti haya yanaanza lini? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inahesabu shauri kuwa hai tangu mtu anapokamatwa, au hati ya kumkamata au wito unapotolewa. Wengi huamini ni tangu asomewe mashtaka, na katika baadhi ya nchi ndivyo ilivyo. Angalia sheria ya nchi yako, lakini kama hujaiangalia, hesabu kuanzia kukamatwa. Ukikosea kwa upande huo hutalipa faini. Kipindi hicho huisha mtu akiachiwa bila mashtaka, kesi ikiondolewa, au hukumu na adhabu zikitolewa. Rufaa hulirudisha shauri kuwa hai, ingawa hatari yake ni ndogo kwa kuwa majaji wa rufaa mara nyingi husoma kumbukumbu za kesi tu na hawaiti mashahidi upya.

Si kila neno linalogusa kesi ni kosa, hilo nalo ulijue usije ukaingiwa na woga. Kipimo cha sheria hiyo ya 1981 kina vipande viwili: hatari iwe ya kweli, si ya kufikirika, na madhara yake yawe makubwa. Habari ndogo iliyotoka miezi kumi kabla ya kesi, ambayo wengi wameshaisahau, haipimwi sawa na ile iliyotoka asubuhi shahidi anapanda kizimbani. Wamarekani wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1976 Mahakama yao Kuu ilisema kuvizuia vyombo vya habari visichapishe kunaruhusiwa kwa nadra mno. Wao hupendelea kuitibu kesi yenyewe, kwa kuihamisha, kuiahirisha, kuwahoji wajumbe wa juri kwa kina au kuwafungia hotelini. Ni mfumo wenye heshima yake, lakini ni ghali, na kama ulivyoona kwa Rideau, dawa hiyo huchelewa.

Turudi mezani kwako. Nadhani rasimu yenu imekaa hivi:

"Muuaji wa mfanyabiashara anaswa, akiri kila kitu. Jambazi sugu aliyewahi kufungwa kwa unyang'anyi hatimaye ametiwa mbaroni baada ya kumuua kinyama mfanyabiashara mmoja. Mashuhuda wanasema ndiye waliyemwona akikimbia."

Sentensi tatu, na sioni hata moja inayosalimika. "Muuaji" na "baada ya kumuua" ni hukumu. "Akiri" nimeshaisema. "Jambazi sugu" na kifungo ni rekodi. Na ile ya mwisho ni gwaride la utambuzi mliloendesha nyinyi wenyewe, bila mstari na bila wakili. Tena mnapomhoji shuhuda mkachapisha maneno yake, mmemfunga kwayo. Akienda mahakamani akasema tofauti kidogo, utetezi utamsomea ukurasa wenu; na akihofia kuonekana mwongo atashikilia mliyoandika hata kama sasa anakumbuka vingine.

Iandike hivi:

"Polisi wanamshikilia mwanamume mwenye umri wa miaka 34 kwa tuhuma za mauaji ya mfanyabiashara aliyeuawa katika tukio la uporaji Jumanne usiku. Polisi wanasema upelelezi unaendelea na kwamba mtuhumiwa atafikishwa mahakamani utakapokamilika. Wakili wake amesema mteja wake anakana tuhuma hizo."

Haina moto wa ile ya kwanza, nakubali. Lakini msomaji ameambiwa tukio, mahali upelelezi ulipofikia na msimamo wa kila upande. Jina lake unaweza kuliongeza atakaposomewa mashtaka katika mahakama ya wazi, isipokuwa sheria au amri ya mahakama inakataza, kama ilivyo mara nyingi kwa watoto na kwa walalamikaji wa makosa ya ngono. Na zingatia kwamba neno "anadaiwa" si dawa ya kila kitu. Kusema "anadaiwa kuwa jambazi sugu aliyekiri" kumebakiza sumu yote ndani ya chupa.

Kesi ikianza, uwanja wako unapanuka sana. Yanayosemwa mbele ya mahakama ya wazi unaweza kuyaripoti, hata yawe makali namna gani, mradi taarifa iwe ya haki, sahihi na itoke kwa wakati. Ya haki maana yake ukiripoti shahidi wa mashtaka alivyosema, uripoti pia alivyojibu alipohojiwa na utetezi. Makosa mengi hutokea hapa: mwandishi anasikiliza asubuhi, anaondoka saa sita kuwahi kutuma habari, na mchana shahidi anabanwa mpaka anakiri hakuwa na uhakika. Kichwa cha habari cha kesho yake kinakuwa nusu ya siku. Kama huwezi kumbakiza mwandishi, andika wazi kwamba mahojiano ya utetezi yanaendelea, kisha yafuatilie. Na yale ya kesi ndani ya kesi usiyaguse palipo na juri, au popote jaji alipoagiza yasitangazwe kwa sasa. Mwandishi kuruhusiwa kukaa ukumbini hakumaanishi ameruhusiwa kuchapisha.

Nisikuache na picha kwamba kanuni hii ni kufuli la midomo. Kwa bahati mbaya wapo wanaoitumia hivyo. Kiongozi anaulizwa kwa nini jengo la umma liliporomoka, anajibu kwa utulivu kwamba suala liko mahakamani na hawezi kulizungumzia, kumbe kilichoko mahakamani ni shauri la mkandarasi kudai malipo yake. Waandishi hunyamaza haraka mno wakisikia maneno hayo. Muulizeni: kesi namba ngapi, ya nini, na swali langu linaigusa vipi?

Uingereza iliwahi kujifunza hili kwa aibu. Gazeti la Sunday Times lilikuwa limeandaa makala kuhusu dawa ya thalidomide na namna kampuni iliyoiuza ilivyoipima kabla ya kuwapa wajawazito, dawa ambayo ilisababisha maelfu ya watoto duniani kuzaliwa na ulemavu. Madai ya fidia yalikuwa yamekaa mahakamani kwa miaka bila kusikilizwa, na mwaka 1973 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilizuia makala isitoke kwa sababu madai hayo yalikuwa bado yapo. Gazeti likaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 1979, kwa kura 11 dhidi ya 9, ilisema zuio lile lilikiuka uhuru wa kujieleza. Ile sheria ya 1981 niliyoitaja ni mtoto wa uamuzi huo, na ndani yake kuna kinga kwa mjadala wa kweli wa jambo la umma ambao unaigusa kesi fulani kwa bahati tu. Kwa hiyo makala kuhusu kuongezeka kwa uporaji, taa za barabarani zisizowaka au uchache wa doria mnaweza kuitoa wiki hii hii. Ila msimtumie mtuhumiwa wenu kama mfano ndani yake.

Mambo mawili ya vitendo kabla sijamaliza. La kwanza ni maoni ya wasomaji chini ya habari. Mtaandika sentensi tatu safi, na ndani ya saa moja mtu ataweka picha ya mtuhumiwa, mwingine ataandika alikofungwa na mwaka gani. Ukurasa ni wenu, na katika nchi kadhaa mwenye ukurasa ameshawajibishwa kwa maneno ya wachangiaji. Kwa habari za kesi zilizo hai fungeni sehemu ya maoni kabisa. Kumweka mtu wa kufuta hakutoshi usiku watu wanapokuwa wengi.

La pili ni ile barua. Usiidharau na usiijibu kwa hasira. Mwandikie wakili aya moja: mmepokea, hamkusudii kuchapisha picha, maungamo wala rekodi za nyuma wakati shauri likiendelea, mtaendelea kuripoti hatua za kesi kama sheria inavyoruhusu, na mngependa kupata kauli ya mteja wake. Tunza nakala pamoja na saa uliyoituma. Kama mhariri mwenzako alishaiweka picha kwenye kurasa nyingine za mtandao kabla hujasoma jibu hili, ishushe sasa, andika saa iliyoshushwa, na mweleze wakili hivyo katika barua hiyo hiyo. Hilo halifuti kilichotokea, lakini upande wa mashtaka utahitaji kujua picha ilikaa hewani kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, ili wajue ni mashahidi gani bado wanaweza kuitwa kwenye gwaride.